Sanamu ya tani 58, watu 172 na ndoo za maji: hesabu yangu ya Misri ya kale inagoma

Mama Neema (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu nawaamkia. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na kila mwaka tunapofika kwenye mada ya msuguano na mashine rahisi, wanafunzi huniuliza jinsi Wamisri wa kale walivyosogeza mawe makubwa bila kreni wala injini. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwajibu kwa sentensi mbili tatu na kuendelea na somo. Mwaka huu niliamua kukaa chini na kuipiga hesabu yenyewe, na imenigomea mahali fulani ambapo naomba msaada wenu.

Nilianza na ushahidi ambao haubishaniwi, yaani mchoro uliokuwa ukutani katika kaburi la Djehutihotep, mtawala wa jimbo aliyezikwa Deir el-Bersha yapata mwaka 1900 kabla ya Kristo. Mchoro huo unaonyesha sanamu yake ya alabasta, ambayo maandishi ya kaburini yanasema ina kimo cha dhiraa 13, sawa na karibu mita 7, na wataalamu wanaikadiria kuwa na uzito wa tani 58. Imefungwa juu ya sleji, yaani kitanda cha mbao nzito chenye miguu miwili mirefu ya kuteleza, na inavutwa na watu 172 waliopangwa katika safu nne. Juu ya magoti ya sanamu amesimama mtu anayepiga makofi, na mbele yake, ukingoni mwa sleji, yuko mwingine anayemimina maji njiani.

Kwa miaka mingi wengi waliyaona maji yale kuwa ni ibada tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima wakaonyesha kwamba mchanga uliolowa kiasi hupunguza nguvu ya kuvuta karibu kwa nusu, kwa sababu maji kidogo hushikanisha chembe za mchanga, nao hauzoleki tena ukawa tuta mbele ya sleji.

Sasa shida yangu ni hii. Kwenye mchanga mkavu nguvu ya kuvuta ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa mzigo, kwa hiyo sanamu ile ingehitaji mvuto wa tani 32 hivi. Ukigawa kwa watu 172, kila mmoja anavuta kilo 185, jambo ambalo haliwezekani. Kwenye mchanga uliolowa vizuri inashuka hadi kama tani 17, na kila mtu anabaki na kilo 100. Mtu mzima anayevuta kamba kwa kutembea, saa baada ya saa, sidhani kama anazidi kilo 50. Hata kwa maji, basi, bado tunahitaji watu mara mbili ya wale waliochorwa. Je, mchoraji alipunguza watu ili watoshe ukutani, au kuna jambo ambalo sijaliweka katika hesabu?

Fundi wa Kokoto

Mwalimu, swali lako zuri sana. Sisi huku Mwanza tunaishi na mawe makubwa kuliko nyumba, na kazi ya kuyapasua tunaifahamu tangu utotoni. Jiwe gumu halipasuliwi kwa nguvu. Unaliwashia moto mkubwa juu yake mpaka lipate joto, na likipoa linaanza kuachia matabaka, ndipo unaingiza mtaimbo na nyundo. Kama hao Wamisri walikuwa na kuni za kutosha, sioni ajabu yoyote, kwa sababu jiwe lenyewe hukuonyesha mahali linapotaka kupasukia. Kazi ya siku tatu kwa watu wanne inatosha kupata vipande vya kujaza lori.

Mama Neema

Ahsante sana, ndugu Fundi. Hayo ya moto nitawasimulia wanafunzi wangu, maana ni elimu ya hapa kwetu. Ila mimi ninauliza kuhusu jiwe ambalo limekwisha kuchongwa na halitakiwi kupasuka: linafikaje mahali pake?

Nahodha wa Shela

Salaam aleikum. Mimi si msomi wa mambo ya Misri, lakini nimeshua majahazi tangu nikiwa kijana, na chombo cha tani nyingi tunakitoa juu ya nchi kavu hadi majini bila mashine yoyote. Siri yake ni magogo. Unalaza miti ya mviringo chini ya mkuku, watu wanashika kamba, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, na kila gogo linalobaki nyuma linakimbizwa mbele. Kwa hiyo naona mwalimu amehesabu msuguano wa kuburuta, ilhali chombo kinachobingirika hakiburuti. Ukiweka magogo chini ya sleji hiyo, hao watu 172 watakuwa wengi kupita kiasi. Na yule mpiga makofi aliye juu ya magoti nimemfahamu mara moja, maana bila yeye kila mtu anavuta kwa wakati wake, na chombo hakitoki.

Mchimba Magofu

Nahodha wetu, shikamoo. Kuhusu mpiga makofi umesema kweli kabisa, na umemgusia mwalimu jambo ambalo halimo katika hesabu yake: kuung'oa mzigo uliotulia ni kugumu kuliko kuuendeleza ukiwa mwendoni. Watu wasipovuta kwa mpigo mmoja, mzigo hauanzi kabisa, hata kama jumla ya nguvu zao ingetosha kuuendeleza.

Kuhusu magogo naomba nikupinge kwa heshima. Nilisoma akiolojia, na suala hili nimelifuatilia kwa miaka kadhaa. Katika mchoro ule hakuna gogo hata moja chini ya sleji, ingawa mchoraji alionyesha mambo madogo sana, wakiwamo wachukuzi wa maji na watu watatu waliobeba boriti. Gogo linafanya kazi vizuri mahali pagumu na palipo sawa, na mti ukiwa wa mviringo kamili wenye unene uleule. Kwenye mchanga, chini ya tani 58, linazama au linapondeka. Kwenye mwinuko ni hatari, kwa sababu mzigo unaobingirika kwenda mbele kwa wepesi hurudi nyuma kwa wepesi uleule. Isitoshe, Misri ilikuwa maskini wa mbao. Miti yake ilikuwa mifupi na yenye kupinda, na mbao ndefu nzuri zililetwa kutoka Lebanoni kwa merikebu. Hakuna msimamizi ambaye angekubali mbao hizo zipondwe njiani.

Walichofanya na mbao, na hili limechimbuliwa huko Lisht, ni kuzilaza chini zikakaa kama reli za kukingamana na njia, nyingi zikiwa ni vipande vya mashua kuukuu, kisha wakashindilia katikati yake udongo na vipande vya mawe. Sleji ilipita juu ya barabara hiyo ngumu. Na hapa ndipo jibu la mwalimu lilipo, nadhani. Wewe umehesabu mchanga uliolowa, lakini barabara ya ujenzi si lazima iwe ya mchanga. Ikiwa imepakwa tope la Mto Naili, kisha ikamwagiwa maji, huteleza kuliko mchanga wa aina yoyote. Mhandisi Mfaransa Henri Chevrier, aliyesimamia kazi za Karnak katika karne ya 20, alijaribu jambo hilo kwa sleji yenye jiwe la takriban tani 5 juu ya tope lililolowa, na watu 6 waliweza kulivuta. Rudia hesabu yako kwa kigezo hicho, halafu utuambie.

Mama Neema

Nimerudia, na kalamu ilinitetemeka. Ikiwa watu 6 walivuta tani 5 kwa kilo 50 kila mmoja, basi nguvu ya kuvuta ni asilimia 6 tu ya uzito. Sanamu ingehitaji mvuto wa tani tatu na nusu, yaani watu 70. Njia ya Djehutihotep si lazima iwe ilikuwa nzuri hivyo kila mahali. Nikigeuza hesabu, watu 172 wa kilo 50 wanatoa tani 8.6, ambazo ni asilimia 15 ya uzito wa sanamu, na kiasi hicho kiko katikati ya tope safi na mchanga uliolowa. Basi mchoro hauna haja ya kusahihishwa, na mimi ndiye niliyeweka barabara isiyo yake.

Jana nililijaribu na wanafunzi nyuma ya maabara. Tulichukua kreti yenye mawe, jumla kilo 20, tukaipigilia mbao mbili chini, tukaivuta kwa mizani ya kuning'iniza. Kwenye mchanga mkavu mizani ilisoma kilo 11, na tuta la mchanga lilijikusanya mbele kama jembe linavyosukuma udongo. Tulipolowesha kidogo ikashuka hadi kilo 7 na tuta likatoweka. Tulipoendelea kumwaga maji ikapanda tena hadi 10, na kreti ikaanza kuzama. Kipimo cha maji kinajulikana kwa macho tu: ukiona tuta mbele, maji ni machache, na ukiona miguu ya sleji inaacha mfereji unaojaa maji, yamezidi. Nadhani mtu yule aliyesimama mbele alikuwa na kazi ya ujuzi, si ya kumwaga ndoo ovyo.

Kijana wa Ubungo

Nimefuatilia kwa makini na ninashukuru kwa maelezo, lakini naona mmejibu nusu nyepesi ya swali. Kuburuta kwenye uwanda sawa kunaeleweka. Piramidi ya Khufu ilikuwa na kimo cha mita 146. Ili sleji ipande kwa mwinuko wa mita moja kwa kila mita kumi, tuta la kupandishia lingehitaji urefu wa karibu kilomita moja na nusu, na ukubwa wake ungekaribia piramidi yenyewe. Tuta hilo liko wapi leo? Mimi sisemi kwamba walisaidiwa na viumbe wa sayari nyingine, nasema tu kwamba hesabu ya tuta haikubaliki.

Mchimba Magofu

Kijana, hesabu yako ya tuta moja lililonyooka hadi kileleni ni sahihi, na ndiyo sababu wataalamu wengi wameiacha dhana hiyo. Lakini umedhani kwamba mzigo wote unapanda hadi juu, na piramidi haiko hivyo. Umbo hilo linapungua upana kadiri linavyopanda, kwa hiyo theluthi ya chini peke yake, ambayo haifiki hata mita 50, ina asilimia 70 ya mawe yote. Kwa sehemu hiyo matuta mafupi yanatosha, na huenda yalikuwa zaidi ya moja. Machimbo ya mawe ya ndani yenyewe yako mita mia chache tu kusini mwa piramidi. Mawe meupe ya kufunikia nje yalitoka Tura, ng'ambo ya mto, na hayo tunayafahamu kutoka kwa mtu aliyeyasafirisha: kumbukumbu za kazi za Merer, mkuu wa kikosi, zilipatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, zikiwa zimeandikwa kwenye mafunjo, nazo zinaeleza siku kwa siku safari za mashua kati ya Tura na Giza. Mzigo wake ulifika karibu na uwanja wa ujenzi kwa maji.

Kuhusu mwinuko, nao haukuwa lazima uwe mpole kama ulivyodhani. Mwaka 2018 kikosi cha Taasisi ya Kifaransa ya Akiolojia ya Mashariki na Chuo Kikuu cha Liverpool kilitangaza njia ya mteremko iliyokuwa katika machimbo ya alabasta ya Hatnub, ya zama za Khufu huyohuyo. Mwinuko wake ni asilimia 20 na zaidi, na kila upande ina ngazi pamoja na mashimo ya nguzo. Mwalimu, tupigie hesabu ya jiwe la kawaida.

Mama Neema

Jiwe la tani 2.5, ambalo ndilo wastani unaotajwa kwa piramidi ile. Nachukua njia ya tope ya kawaida, tuseme asilimia 10. Kwenye uwanda sawa linahitaji kilo 250, yaani watu 5. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 uzito wenyewe unaongeza kilo 250 nyingine, kwa hiyo watu 10. Kwenye mwinuko wa Hatnub inakuwa kilo 750, yaani watu 15. Watu 15 si wengi hata kidogo.

Lakini nimeona jambo la kutisha katika hesabu hiyohiyo. Mahali ambapo msuguano ni asilimia 10 na mwinuko ni asilimia 20, jiwe halitulii watu wakipumzika. Linarudi chini lenyewe, likiongeza mwendo, na watu wako nyuma yake. Tope lililowasaidia uwandani linageuka adui kwenye mwinuko. Na nyayo za wavutaji nazo zinateleza kwenye tope hilohilo.

Mchimba Magofu

Hasa, na ndiyo maana ngazi za Hatnub ziko pembeni: sleji inapita katikati palipo laini, na watu wanakanyaga pakavu penye hatua. Kuhusu nguzo, wachimbuaji wanafikiri kamba ilizungushwa hapo, ili baadhi ya watu wavute wakishuka ngazi huku jiwe likipanda. Kwa njia hiyo mtu anatumia uzito wa mwili wake kwa faida, na jiwe linaweza kupandishwa kwenye mwinuko mkali kuliko tulivyowahi kudhani.

Nahodha wa Shela

Hapo kwenye nguzo naomba nirudi, ndugu zangu, na magogo yangu nimeyaacha. Kamba iliyozungushwa kwenye nguzo ya gati naifahamu. Mizunguko miwili, na kijana mmoja anazuia chombo ambacho watu ishirini hawakizuii kwa mikono. Lakini kuvuta kupitia nguzo ni jambo jingine. Jaribuni mtaona, kamba inang'ang'ania na inaungua. Nguzo ni ya kuzuia, si ya kuvutia. Mimi ningekuwa hapo Hatnub, ningewaacha watu wavute moja kwa moja kutoka juu, na kwenye kila nguzo ningeweka mtu wa kupokea kamba ya pili iliyolegea. Watu wakichoka, yeye anaibana, wote wanapata pumzi, na jiwe halirudi hata shubiri moja.

Mama Neema

Nahodha, fizikia inakuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Kamba ya nyuzi kwenye mti mkavu ikizunguka nusu duara, nguvu ya upande mmoja inakuwa kama mara mbili na nusu ya upande wa pili. Ukiwa unazuia, hiyo ni faida yako, na kwa mizunguko miwili kamili faida inafika mara arobaini hivi, ndiyo maana kijana mmoja anatosha. Ukiwa unavuta, hasara ndiyo hiyohiyo: zile kilo 750 zinakuwa karibu kilo 1,900, na watu 15 wanakuwa 38. Ila wanaoshuka ngazi wanaegemea kwa uzito wao wote, pengine kila mmoja anatoa zaidi ya kilo 50, na nguzo ikiwa imelainishwa kwa mafuta au tope hasara inapungua sana. Sioni njia ya kukata shauri kwa kalamu tu.

Mchimba Magofu

Wala mashimo hayakati shauri, kwa sababu nguzo zenyewe hazipo tena na alama za kamba zimekwenda nazo. Pendekezo la Nahodha linaafikiana na mashimo kuwa pande zote mbili, na dhana ya wachimbuaji vilevile. Tukumbuke pia kwamba Hatnub ni machimbo. Inatuthibitishia kwamba ufundi huo ulijulikana wakati wa Khufu, lakini haituonyeshi njia iliyojengwa Giza.

Kwangu mimi fumbo lililobaki si kilele, kama wengi wanavyodhani, maana huko mawe kwa ujumla ni membamba na kikosi cha watu ishirini katika safu mbili hakichukui zaidi ya mita kumi. Fumbo ni boriti za graniti za chumba cha mfalme. Zilitoka Aswani kwa mto, zaidi ya kilomita 800, na kubwa zake zinakadiriwa kuwa na makumi ya tani. Sakafu ya chumba hicho iko mita 43 juu ya msingi, na boriti ziko juu zaidi ya hapo.

Kijana wa Ubungo

Nakubali kuhusu theluthi ya chini, sikuwa nimeifikiria. Basi tuchukue boriti moja ya tani 50 kwa kigezo cha mwalimu. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 na tope la asilimia 10, ni mvuto wa tani 10, yaani watu 200. Wakijipanga safu nne kama kwa Djehutihotep, kila safu ni watu 50, na mstari unafika mita 50. Wakifika mwisho wa tuta watasimama wapi, ikiwa jiwe bado liko chini yao mita 50?

Mama Neema

Swali zuri, na hili kalamu inaliweza. Piramidi ina upande wa mita 230 chini. Ujenzi ulipofika mita 43, uwanja wa juu ulikuwa bado na upande wa mita 162. Watu wako 200 wanapanda uwanjani na kuendelea kutembea mbele kwa kunyooka, na bado wanabakiwa na nafasi kubwa nyuma ya chumba. Wasingeweza kufanya hivyo kwenye njia inayozunguka kona, kwa sababu mstari wa mita 50 haupindi kona bila kuipoteza nguvu yake pembeni. Kwa hiyo naona boriti zilipandishwa kwa tuta lililonyooka, hata kama mawe madogo ya baadaye yalizungushwa.

Nahodha wa Shela

Mwalimu, watu 200 kwenye kamba nne, na mzigo wa tani 50 kwenye tope. Kamba moja ikikatika, hizo tatu zilizobaki zinapata mshtuko kwa ghafla, na zitafuata moja baada ya nyingine. Tafadhali ongeza katika hesabu yako gogo fupi la kukingia nyuma ya sleji, na vijana wawili wa kulisogeza kila hatua. Kamba za huko zilikuwa za nyuzi gani, na unene wake kiasi gani? Kama kuna mwenye kufahamu, mimi najua kusokota, na ningependa kuisokota moja nikaipime.